Vitabu viwili, bima moja

Mama mdogo anauza mitumba Soko la Memorial hapa Moshi. Zile siku za mwanzo wa 2018, Benki Kuu ilipofuta leseni za benki 5 ndogo kwa mpigo kwa kupungukiwa mtaji, pesa zake zilikuwa humo, katika mojawapo. Jina naliacha. Alinipigia simu alfajiri, nikamkuta kwenye meza yake na vitabu viwili vya benki ndani ya mfuko wa nailoni.

"Mwanangu, hivi vyote vina bima," akaniambia. "Kila kitabu milioni moja na nusu."

Nusu yake ni kweli. Bima ipo, inasimamiwa na Bodi ya Bima ya Amana, na mteja haombi kuandikishwa wala halipi kitu: benki ndiyo inayochangia. Wakati ule kikomo cha fidia kilikuwa shilingi 1,500,000. Tatizo ni hilo neno "kila kitabu". Bodi haihesabu vitabu, inahesabu mtu. Ulicho nacho katika benki moja kwa jina lako kinajumlishwa chote: akiba, hundi, amana ya muda maalumu, hata kama akaunti moja uliifungua Moshi na nyingine Arusha. Matawi ni benki ileile.

Tukakaa na kalamu. Kitabu cha akiba kilikuwa na 1,100,000. Cha pili, alichokiita cha ada za watoto, kilikuwa na 900,000. Jumla 2,000,000. Nikamuuliza kama anadaiwa na benki hiyo. Akanyamaza, akapanga sketi mbili tatu, kisha akasema ana mkopo uliobaki 300,000.

Hapo ndipo wengi wanapokasirika. Deni lako katika benki hiyo hukatwa kwanza kwenye amana yako, ndipo fidia inapohesabiwa. Wapo waliodhani benki ikifa na mkopo unakufa. Haufi. Mfilisi anaurithi na anaudai, na ndiyo maana bodi haiwezi kukulipa amana yote huku wewe mwenyewe ukidaiwa. Kwa hiyo kwa mama mdogo ilibaki 1,700,000. Bima ikabeba 1,500,000. Zile 200,000 za juu hazikupotea siku hiyo, ila zilihamia kwenye ufilisi: mfilisi anauza majengo na magari ya benki, anakusanya mikopo iliyokuwa nje, halafu anagawa kinachopatikana. Hiyo ni foleni ya miaka, na hakuna anayekuahidi kwamba utapata yote. Nilimwambia azihesabu kama pesa aliyomkopesha shemeji.

Fidia yenyewe ilimchelewesha kwa jambo dogo. Kwenye akaunti aliandikwa kwa jina la mumewe, kitambulisho chake kina jina la baba. Mtu huyohuyo, sura hiyohiyo, lakini anayelipa fedha za bima analipa jina lililo kwenye daftari la benki. Ikabidi aende kula kiapo cha majina. Ukiwa na tofauti ya namna hiyo, irekebishe sasa hivi benki yako ikiwa wazi, na namba yako ya simu pia. Benki ikishafungwa, karani aliyekuwa anakufahamu hayupo tena dirishani.

Tangu 2023 kikomo kimepanda hadi shilingi 7,500,000 kwa mteja mmoja katika benki moja. Kwa hesabu hii mpya mama mdogo angelipwa 1,700,000 zote, na foleni ya mfilisi isingemhusu. Muuza mitumba, muuza mbege na bodaboda wengi sasa wako ndani ya kikomo bila kufanya lolote.

Anayepaswa kufikiri ni yule aliyepata pesa ya ghafla. Jirani yangu aliuza kiwanja mwaka jana akapata milioni 18, akataka kuziweka zote pamoja kwenye akaunti tatu za benki moja "ili zigawanyike". Nilimwonyesha hesabu ya mama mdogo: pale bima ni 7,500,000 tu, na 10,500,000 zingekuwa juu ya kikomo. Akaweka milioni 6 katika kila moja ya benki tatu tofauti. Ni usumbufu, ada za kila mwezi zinauma, na sijui ningefanya hivyo kwa milioni 8. Kwa 18 ningefanya.

Mama mdogo naye, alipolipwa, alitaka kukimbilia SACCOS ya sokoni kwa kuwa "kule hakufungwi". Nikamwambia SACCOS haimo kabisa katika bima hii. Bodi inawalinda wateja wa benki na taasisi za fedha zenye leseni ya Benki Kuu. Hakunielewa vizuri. Akaweka 500,000 SACCOS, milioni akairudisha benki nyingine, na safari hii kitabu kina majina yaleyale ya kwenye kitambulisho.