Pipa la oili kugeuzwa sufuria ya msibani

"Nimepata pipa la lita 200 hapa Mwaloni Kirumba, lilikuwa na oili ya injini. Fundi anataka kulikata nusu kwa grainda nichemshie maharage ya msiba. Ni salama?"

Pole kwa msiba, ndugu yangu. Kwanza mzuie fundi na hiyo grainda. Pipa likionekana tupu bado lina mvuke wa mafuta uliobaki kwenye mikunjo, na cheche moja inaweza kulilipua usoni mwake. Gesi ya kukatia ni vilevile. Afungue vizibo vyote viwili, alijaze maji hadi juu kabisa, kisha akate taratibu kwa tindo na nyundo, maji yakivuja kwenye mpasuko.

Ila hata likikatwa salama, maharage usipikie humo. Oili hujificha kwenye mshono wa kitako, sabuni haifiki, na moto ukikolea inatoka na kuingia chakulani. Mapipa mengine yana rangi ya ndani, ya dhahabu au nyekundu, inayobanduka na kutoa moshi mbaya. Lako nusu moja litoboe mlango wa kuni pembeni, liwe jiko la kubebea sufuria ya kuazima. Hiyo kazi linaifaa sana. Liwashe tupu kwanza, mbali na watu, hadi rangi yote iungue.

Ukitaka pipa la kupikia, tafuta lililobeba mafuta ya kula, lebo yake ikisomeka. La dawa ya kunyunyizia mimea au lisilo na lebo, usilichukue hata bure.