Simu mbili haziioni hotspoti ya laptopu yako? Yalinikuta Kijitonyama

Juzi usiku msomaji mmoja wa Mbagala aliniandikia: "Kaka, hotspoti ya laptopu yangu inawaka vizuri. Simu yangu inaiona, ya mke wangu haiioni kabisa, na tumekaa kochi moja. Tatizo simu au laptopu?" Nimeusoma ujumbe ule mara mbili. Swali hilohilo niliulizwa mwaka jana mbele ya watu, sikuwa na jibu, na nikalipwa nusu ya hela tuliyopatana.

Ilikuwa kazi ya kuandikisha wageni kwenye semina, ukumbi mmoja Kijitonyama. Wageni kama 120, vijana wangu watatu mlangoni, kila mmoja na simu yake na fomu ya mtandaoni. Waifai ya ukumbi nenosiri lake nilipewa mimi peke yangu, kwa laptopu moja, na mwenyeji alikubali nigawe kutoka pale. Nikasema hiyo ni rahisi, Windows ina hotspoti yake ndani, huhitaji programu yoyote ya kupakua. Na nyumbani Sinza nilikuwa nimeijaribu usiku uliotangulia, simu zote tatu zikashika bila shida.

Saa mbili asubuhi nawasha, simu moja inashika, mbili hazioni kitu. Si kwamba zinakataa nenosiri. Jina lenyewe halitokei kwenye orodha. Nikazima, nikawasha. Nikabadilisha jina. Nikawasha laptopu upya huku foleni imefika kwenye ngazi. Kuna mama mmoja, mtu mzima, alitoa kalamu kwenye mkoba akamwambia kijana wangu, "Mwanangu, lete karatasi tujiandike wenyewe." Na wakajiandika wenyewe. Tulikuja kuyaingiza majina yale jioni, moja moja, mwandiko mwingine hausomeki.

Halafu mchana, baada ya watu kwenda kula, hata ile simu moja iliyokuwa imeshika ikakatika. Nikienda kuangalia, hotspoti imejizima yenyewe. Mwenyeji akanitazama akasema, "Kumbe wewe si fundi." Neno hilo bado ninalo.

Sasa nieleze kilichotokea, maana mimi kilinichukua wiki nzima kukielewa.

Waifai inasafiri kwenye masafa mawili makuu, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Simu nyingi za bei ya chini na zile za zamani zina redio ya 2.4 tu. Mtandao wa 5 kwao haupo, kama vile redio yenye FM peke yake isivyoweza kukamata stesheni ya masafa mafupi. Na laptopu nyingi zina redio moja ya waifai, ambayo hotspoti inapowaka inafanya kazi mbili: inapokea intaneti na kuirusha tena. Kwa hiyo laptopu ikiwa imeunganishwa na rauta kwenye 5, hotspoti nayo mara nyingi inafuata hukohuko kwenye 5. Nyumbani nilikuwa napokea intaneti kutoka kwenye rauta ndogo ya 2.4, ndiyo maana kila kitu kilikwenda. Ukumbini laptopu ilishika 5, hotspoti ikaenda 5, na simu mbili zikawa vipofu. Ile iliyoshika ndiyo pekee yenye redio ya masafa yote mawili.

Kujua uko wapi hakuhitaji kubahatisha. Fungua Command Prompt, andika:

```
netsh wlan show interfaces
```

Tafuta mstari wa `Channel`. Ukiona namba kati ya 1 na 13, upo kwenye 2.4. Ukiona 36, 44, 149 na kuendelea, mara nyingi upo kwenye 5. Ukumbini mstari ule ungeniambia yote kwa nusu dakika, laiti ningejua kuutazama.

Na ile ya mchana? Kwenye ukurasa wa hotspoti kuna swichi ya `Power saving`. Ikiwa imewashwa, hotspoti ikikaa takribani dakika tano bila kifaa chochote, Windows inaizima. Watu walienda kula, kioo cha simu kikazima, simu ikaachia waifai, dakika zikapita. Nilikuwa nimeilaumu intaneti ya ukumbi bure.

Wiki iliyopita nimepata kazi ya aina ileile, Mikocheni. Safari hii nilikwenda na kebo ya mtandao ya mita 10 na adapta ya USB niliyoinunua Kariakoo, kwa sababu laptopu yangu ni nyembamba, haina tundu la kebo. Nikamwomba mwenyeji tundu la ukutani badala ya waifai. Hii ndiyo siri ya kazi nzima, nawaambia ndugu zangu: intaneti ikiingia kwa kebo, redio ya laptopu inabaki na kazi moja tu ya kurusha, na wewe ndiye unayeamua irushe kwenye masafa gani.

Nikaingia `Settings`, kisha `Network & internet`, kisha `Mobile hotspot`. Kwenye `Share my internet connection from` nikachagua `Ethernet`, na kwenye `Share over` nikaacha `Wi-Fi`. Nikabonyeza `Edit`, nikaweka jina fupi, nenosiri lenye herufi zaidi ya nane, na kwenye `Network band` nikachagua `2.4 GHz`. Nikazima `Power saving`. Waifai ya laptopu niliiacha imewashwa ila haijaunganishwa na mtandao wowote. Wengine wanaizima kabisa wakidhani haina kazi, halafu wanashangaa hotspoti inagoma kuwaka. Mwisho nikaizuia laptopu isilale na nikaiacha wazi mezani, maana ukiifunika tu, kwa kawaida inalala na hotspoti inalala nayo.

Simu nne zikashika. Windows inaruhusu hadi vifaa vinane, kwa hiyo nafasi ilibaki. Kuanzia saa moja na nusu mpaka saa kumi hakuna hata moja iliyokatika, pamoja na chakula cha mchana. Nilisimama mlangoni nikiangalia majina yanaingia, na sitaficha, nilifurahi kupita kiasi.

Ukikosa kebo, bado kuna njia. Rauta nyingi zinatoa majina mawili, moja la 2.4 na jingine la 5. Unganisha laptopu na lile la 2.4, hotspoti itafuata. Jua tu kwamba redio moja ikipokea na kurusha kwa pamoja, kasi inashuka, pengine kwa nusu. Kwa kujaza fomu hutaona tofauti. Kwa watu watatu wanaotazama video, utaiona. Na usijaribu nyumbani ukaridhika kama nilivyoridhika mimi. Jaribu palepale utakapofanyia kazi, na ile simu dhaifu kuliko zote mlizonazo. Simu yako nzuri haitakuonyesha tatizo.

Yule ndugu wa Mbagala nilimwomba aandike ile amri anitumie picha. `Channel` yake ilisoma 44. Rauta yake ina majina mawili, akahamia lile la pili, akazima hotspoti na kuiwasha tena. Baada ya dakika kumi hivi akanitumia picha nyingine: simu ya mke wake, jina la hotspoti likiwa juu kabisa ya orodha.