Utaratibu wa kuchanganya klorini ya asilimia 0.5 kwa mhudumu mpya wa usafi

"Wadau, kituoni kwetu kila mhudumu wa usafi anachanganya klorini kwa makadirio yake. Nataka karatasi moja ya kubandika ukutani ambayo hata aliyeanza kazi leo ataifuata bila kuuliza mtu. Niandike nini?"

Mkuu, kabla hujaandika hatua hata moja, nenda stoo usome asilimia iliyoandikwa kwenye lebo ya dawa. Hapo ndipo karatasi nyingi zinapopotea. Zinaandika "sehemu moja ya dawa kwa sehemu sita za maji" kana kwamba ni amri ya kudumu, kumbe kipimo hicho ni cha klorini ya maji ya asilimia 3.5 peke yake. Mwezi ujao ikiletwa ya asilimia 5, karatasi inabaki ukutani ikidanganya watu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Gawanya asilimia ya kwenye lebo kwa asilimia unayoitaka, kisha toa moja. Jibu ndilo idadi ya sehemu za maji kwa kila sehemu moja ya dawa. Kwa dawa ya asilimia 3.5, gawanya kwa 0.5 upate 7, toa 1, zinabaki 6. Kwa ya asilimia 5 unapata 10, toa 1, zinabaki 9. Sasa angalia mtu akitumia kipimo cha dawa moja kwa dawa nyingine: maji sehemu 9 kwa dawa ya 3.5 inatoa asilimia 0.35. Inanuka klorini vilevile na inapausha dekio vilevile, ila nguvu haijafika. Pua si kipimo. Akikosea upande wa pili, maji sehemu 6 kwa dawa ya 5, anapata kama asilimia 0.7, ambayo inachoma macho na kula vyuma bila faida ya ziada.

Lakini hesabu hiyo usimwachie mhudumu mpya. Aifanye msimamizi kila mzigo mpya unapoingia, naye ndiye aandike kwenye karatasi asilimia ya dawa na kiasi cha maji. Mhudumu abaki na kazi ya kufuata mistari miwili kwenye ndoo.

Mistari hiyo ndiyo roho ya utaratibu mzima. Ndoo inayoitwa ya lita 10 ukiijaza pomoni haina lita 10 kamili, na mtu anayehesabu majagi husahau ameshamimina mangapi mara tu akiitwa. Kwa hiyo chukua ndoo ya plastiki, iweke sakafu iliyo sawa, mimina lita 6 za maji kwa jagi lenye vipimo, kwaruza mstari ndani kwa ncha ya kisu. Ongeza lita moja, kwaruza mstari wa pili. Wino usiutumie kwa ndani, klorini itaufuta. Mzigo wa asilimia nyingine ukija, andaa ndoo nyingine yenye mistari yake, na ile ya zamani iondoke kabisa mahali pa kuchanganyia.

Kwa dawa ya asilimia 3.5, hatua ziandike hivi:

1. Vaa glavu nene za mpira (si zile nyembamba za kupimia wagonjwa), aproni ya plastiki, miwani ya kinga na buti. Fungua madirisha.
2. Soma lebo ya dawa. Kama haijaandikwa 3.5%, au tarehe ya mwisho imepita, acha hapo hapo umwite msimamizi.
3. Suuza ndoo yenye mistari. Isibaki na sabuni wala klorini ya jana.
4. Jaza maji safi ya baridi hadi mstari wa chini.
5. Mimina dawa polepole, mdomo wa chombo ukiwa karibu na maji, hadi mstari wa juu.
6. Koroga kwa mwiko wa plastiki, zungusha mara 10.
7. Hamishia kwenye chombo cha plastiki kisichopitisha mwanga, funga mfuniko.
8. Andika kwenye chombo: Klorini 0.5%, tarehe, saa, jina lako.
9. Saa 24 zikipita tangu ichanganywe, mwaga kilichobaki hata kama ni kingi.

Hatua ya 4 na ya 5 zisipinduliwe. Ukianza na dawa kisha ukamwagia maji, kinachoruka usoni ni dawa kali isiyopunguzwa. Na maji yawe ya baridi kwa sababu moto huivunja klorini haraka. Jua nalo ni hivyo hivyo, ndiyo maana ya chombo kisichopitisha mwanga. Vyombo vya chuma viepukwe kabisa, vinaliwa na kutu na dawa nayo inapungua nguvu.

Kama mnatumia klorini ya unga, iandikie karatasi yake. Ile ya asilimia 70 inahitaji takriban gramu 7 kwa kila lita ya maji, na unga ndio unaotiwa kwenye maji. Pima kwa mizani. Kijiko cha kujaza na kijiko cha kufuta juu havilingani.

Upande wa kutumia, kosa kubwa ni kumwagia klorini juu ya uchafu na kuondoka. Damu, matapishi na tope huitafuna klorini kabla haijafikia vijidudu. Damu ikimwagika sakafuni, mhudumu aliyevaa glavu aifute kwanza kwa kitambaa cha kutupa, akitupe kwenye pipa la taka zenye maambukizi, aoshe eneo kwa maji na sabuni, asuuze, ndipo apake klorini ya 0.5 na kuiacha dakika 10 ikiwa bado imelowa. Ikikauka dakika ya nne, apake tena. Mwisho asuuze kwa maji, hasa kwenye chuma. Kupuliza kwa bomba kama dawa ya mbu kusiruhusiwe: mvuke unaingia mapafuni na matone hayafuniki eneo lote.

Onyo moja liandikwe kwa herufi kubwa, pekee yake: USICHANGANYE KLORINI NA DAWA NYINGINE YOYOTE. Dawa nyingi za kung'arisha choo zina asidi, na asidi ikikutana na klorini hutoa gesi ya sumu. Dawa zenye amonia nazo hutoa gesi mbaya, na mkojo una amonia, kwa hiyo mkojo uliotuama ufutwe na pasuuzwe kabla ya klorini. Harufu ikikaba ghafla, asijaribu kusafisha. Atoke, atoe na walio karibu, aite msimamizi. Dawa ikiingia jichoni, aoshe kwa maji mengi safi yanayotiririka dakika 15 bila kukatisha, kisha aende kwa mganga.

Ukimaliza kuandika, usiibandike bado. Mpe mtu ambaye hajawahi kuchanganya klorini, simama pembeni na ufunge mdomo. Kila anapokutazama akisubiri umwambie, weka alama kwenye mstari huo. Mara nyingi utakuta ni maneno kama "kiasi", "vizuri" au "ya kutosha", ambayo mwenye uzoefu anayaelewa na mgeni hayamwambii kitu. Yabadilishe yawe mstari, dakika au idadi, halafu jaribu na mtu mwingine.