Hata mimi nililipwa mara ya kwanza: dalili nilizozipita kabla ya jukwaa kufunga utoaji

"Wakuu, kuna jukwaa la kufanya biashara ya sarafu za kidijitali linalolipa asilimia 2.5 kila siku. Jirani yangu ameshatoa pesa mara mbili na zimefika kwenye simu yake. Mimi naambiwa niweke dola 500 kabla ya Ijumaa. Nitajuaje mapema kama ni utapeli? Maana wengi huja kusema baada ya kuibiwa."

Mkuu, na mimi ni mmoja wa hao waliokuja kusema baadaye. Niliingizwa na mwalimu mwenzangu, dada ninayemheshimu hadi leo, na kilichonishawishi ni hicho hicho kinachokushawishi wewe: niliona pesa imetoka. Nikaweka USDT 300, sarafu ya kidijitali ambayo moja ni kama dola moja, na baada ya wiki moja nikatoa 40 ili kujaribu. Zilifika ndani ya dakika kumi. Siku hiyo hiyo nikaongeza 200, na sasa naelewa kwamba ile 40 ilikuwa gharama yao ya kuipata hiyo 200.

Jukwaa halipati hasara kwa mtu anayetoa kidogo, kwa sababu linacholipa ni pesa ya waliowekeza asubuhi hiyo. Baadaye nilichukua namba ya muamala wangu nikaitafuta Tronscan, ukurasa ambao yeyote anaweza kuona miamala ya mtandao wa TRON, ambao USDT yangu ilipitia. Pochi iliyonilipa ilikuwa imepokea 100, 50, 200, 30, kutoka anwani tofauti tofauti, na kutoka hapo ilikuwa ikilipa watu kama mimi. Lakini usiishie hapo ukadhani umemkamata mwizi, kwani hata masoko halali ya sarafu hukusanya pesa za wateja kwenye pochi za pamoja. Tofauti ni kwamba soko halali halikuahidi faida yoyote, linakurudishia chako tu. Anayedai kwamba faida yako imetokana na biashara ndiye mwenye mzigo wa kuionyesha biashara hiyo.

Na biashara yenyewe inaweza kukaguliwa, jambo ambalo sikulifanya hadi nilipokuwa nimechelewa. Kila siku tulibonyeza kitufe mara tatu, programu ikaonyesha imenunua bitcoin kwa bei fulani na kuiuza kwa bei ya juu zaidi. Nilichukua biashara moja, nikafungua chati ya bei ya dakika moja moja ya soko kubwa linalojulikana, nikarekebisha tofauti ya saa 3 kati ya saa za UTC na za kwetu, nikaitazama dakika hiyo hiyo. Bei waliyodai kununulia ilikuwa chini ya bei ya chini kabisa ya dakika ile, wala haikuguswa dakika zilizotangulia au zilizofuata. Nikarudia kwa biashara nyingine nne, mbili zikawa hivyo hivyo. Hapakuwa na ununuzi. Kulikuwa na tarakimu zinazoandikwa kwenye skrini yangu. Tena katika wiki zote zile, hata siku bitcoin iliposhuka vibaya, hatukuwahi kupata hasara hata mara moja.

Sasa ifanyie hesabu hiyo asilimia 2.5 yako. Ukiacha faida ijizidishe, pesa inakuwa mara mbili kwa siku 28 hivi, na dola 500 zinapita milioni 4 kwa mwaka mmoja. Hata bila kuzidisha, watu 1,000 wenye dola 500 kila mmoja wanadai 12,500 kila siku, na hazina yao yote ya 500,000 inaisha siku ya 40 kama hakuna wapya. Ndiyo maana unaharakishwa uweke kabla ya Ijumaa, na ndiyo maana kila mwenye akaunti anapewa kamisheni ya kuleta wengine.

Utoaji haufungwi ghafla kama watu wanavyodhani. Kwetu ulibanwa kidogo kidogo kwa takriban wiki tatu, na kila badiliko lilikuja na maelezo yanayoonekana ya busara. Kiwango cha chini cha kutoa kilipanda kutoka 10 hadi 50. Kisha kutoa kukawa Jumamosi tu, eti mfumo unaboreshwa. Makato yakatoka asilimia 5 hadi 15. Wakati huo huo kuweka pesa hakukuwahi kupata hitilafu hata siku moja, na ilitangazwa zawadi ya asilimia 10 kwa atakayeongeza mtaji mwisho wa wiki. Pesa kuingia kirahisi huku kutoka kunazidi kuwa kugumu ndiyo dalili ninayoiamini kuliko zote. Siku chache baadaye kundi letu la Telegram likabadilishwa, wasimamizi peke yao wakawa ndio wanaoweza kuandika.

Salio langu lilisomeka 871 nilipoomba nitoe zote. Nikajibiwa kwamba akaunti imesimamishwa hadi nilipe kodi ya asilimia 20, yaani 174, kwa kuituma kwenye anwani ya pochi waliyonipa. Nikawaandikia: "Kateni humo humo kwenye salio, mnitumie zinazobaki." Wakajibu kwamba mfumo hauruhusu. Hapo ndipo nilipoelewa, kwa sababu kama zile 871 zingekuwepo, kukata 174 lisingekuwa jambo la kujadili. Masoko ya kweli hukata ada yao kwenye kiasi unachotoa, na kodi ya serikali hapa kwetu hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo, haitumwi kwenye pochi ya mtu. Jukwaa la CBEX, lililoporomoka Nigeria mwezi Aprili 2025 baada ya kuahidi kuzidisha pesa mara mbili kwa siku 30, lilitumia mbinu ya jamii hiyo: wateja walitakiwa kulipa dola 100 au 200, kutegemea salio lao, eti ili akaunti zihakikiwe.

Kuhusu vyeti, na sisi tulionyeshwa. Kilichotutuliza zaidi kilikuwa cha usajili wa MSB, yaani kampuni ya huduma za fedha, kutoka FinCEN, taasisi ya Wizara ya Fedha ya Marekani. Usajili huo kampuni huufanya yenyewe kwa kujaza fomu, na FinCEN inaeleza wazi kwamba kuonekana kwenye orodha yake si kupendekezwa wala kuthibitishwa nayo. Cha kuuliza hapa Tanzania ni leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya kukusanya pesa za uwekezaji kwa umma, na uwaulize Mamlaka wenyewe, si aliyekutumia picha ya cheti.

Sikulipa hiyo 174. Yule dada alilipa, akaambiwa kuna ada nyingine ya kufungua pochi, akalipa tena. Mwezi uliofuata akatafutwa na mtu aliyejitambulisha kuwa mtaalamu wa kurejesha pesa zilizopotea, aliyejua kiasi alichopoteza hadi senti. Nilimwuliza huyo mtu amelijuaje salio la dada ikiwa si mmoja wa matapeli wale wale.

Kwa hiyo, mkuu, usiweke. Na jirani yako mwambie leo hii aombe kutoa mtaji na faida yote, asiache hata shilingi. Hizo mara mbili alizotoa hazijaonyesha kitu, kwani alitoa sehemu tu na mtaji ukabaki kwao. Akiambiwa atume kwanza chochote ndipo alipwe, asitume, na ahifadhi namba zote za miamala na picha za mazungumzo kabla hawajamwondoa kwenye kundi, maana polisi watazihitaji.