Mruko una urefu au una kimo?

"Natangaza mashindano ya vijana wa BMX na skeitibodi hapa Mbeya. Nikisema 'ameruka urefu mkubwa', mwenzangu kutoka Iringa hunikosoa. Yeye hutumia 'kimo'. Pia, je, 'mtiririko' ndiyo kumaliza bila kuanguka?" Msomaji, Mwanjelwa

Mwenzako ana hoja. Urefu wa mruko unaweza kuwa wa kwenda juu au wa kwenda mbele, na anayekusikiliza bila kuona hatajua ni upi. Kimo hupimwa toka chini kwenda juu, kwa hiyo utata unaisha. Mimi hata hivyo ningeziacha nomino zote mbili nikatumia kitenzi: "amepaa mita mbili juu ya ukingo". Ukingo usiusahau, maana kinachotazamwa ni jinsi mtu alivyoupita mdomo wa rampu. Rampu yenyewe ikiwa ndefu, hiyo ni kazi ya fundi aliyeijenga.

Mtiririko ni jambo jingine kabisa. Chukua waendeshaji wawili wa BMX. Wa kwanza anapaa mita mbili, lakini anapitiliza mteremko wa kutua, kisha anatua kwenye tambarare. Baiskeli inabamiza chini, kasi inakufa, naye inambidi akanyage pedali kwa nguvu ili aifikie rampu inayofuata. Wa pili anapaa mita moja na nusu, magurudumu yanashika sehemu ya juu ya mteremko, mteremko unamrudishia kasi, na anaingia rampu inayofuata akiwa tayari kwa mtindo mwingine. Hakuna aliyeanguka, ila mwenye mtiririko ni wa pili. Wa kwanza mseme "amekatika".

Usikimbilie kumtangaza wa pili mshindi, wala usiseme "amepata tisa za kimo". Katika BMX ya uwanja wa rampu, jaji hatoi alama ya kimo peke yake. Hupima ugumu, kimo, ubunifu, mtiririko na usafi wa kutua, kisha hutoa alama moja kwa zamu nzima ya dakika moja, isiyozidi 99.99.

Na kuanguka hakumtoi mtu. Kwenye fainali ya Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, Charlotte Worthington wa Uingereza alianguka zamu ya kwanza akijaribu kupinduka kinyumenyume huku akizunguka duara zima. Zamu ya pili aliurudia mtindo uleule, akatua, akapata 97.50. Fainali huhesabu zamu bora, hivyo dhahabu ikawa yake. Kwa hiyo anayeanguka mapema mseme "zamu imeharibika". "Ameondolewa" litakuumbua dakika chache baadaye.

Nimetumia "ubunifu" kwa makusudi. Wapo wanaosema "uasili", nami silipendi hapa, kwa kuwa la asili kwetu ni lile la tangu zamani, ilhali jaji anatafuta mtindo ambao wengine hawajaufanya kwenye rampu ile.