Yeremia 29:11: aliandikiwa nani?

*Bwana Yesu asifiwe, mwalimu. Mimi ni mama mlezi wa vijana kanisani kwetu. Juzi niliwafundisha Yeremia 29:11 wakiwa wanasubiri matokeo ya kidato cha sita, na kijana mmoja akauliza: "Mama, kwani hapa Mungu alikuwa anaongea na sisi?" Nikakwama. Nisomeje mstari kama huu hatua kwa hatua ili nijue ulikuwa unasema nini kwa wenyewe?*

Amina, mama. Huyo kijana mshikilie, maana ameuliza swali ambalo wahubiri wengi tunalipita tukikimbilia "Amina". Hebu tuutumie mstari huohuo: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho."

Kwanza, usianze na mstari wa 11. Soma sura yote ya 29 kwa sauti, mara mbili, bila kusimama kwenye namba. Namba za mistari ziliongezwa karne nyingi baadaye ili tupate mahali haraka, si ili kutuonyesha wazo linaanzia wapi na kuishia wapi. Unaposoma, tafuta maneno yanayofungua na kufunga: "basi", "maana", "kwa sababu". Mstari wa 11 katika Biblia ya Muungano unaanza na "Maana". Mtu akianza kusema na "maana", ujue kuna jambo alilolisema kabla analotaka kulieleza. Rudi mstari wa 10 utalikuta: Babeli itakapotimiziwa miaka sabini, ndipo Mungu atawajilia na kuwarudisha. Kwa hiyo mawazo ya amani ya mstari wa 11 yana tarehe yake, na tarehe hiyo iko mbali.

Pili, uliza hili ni andiko la aina gani. Kitabu cha Yeremia kina mashairi, masimulizi na maombolezo, lakini mstari wa kwanza wa sura hii unasema wazi kwamba ni barua. Barua ina maswali yake: nani ameandika, kwa nani, imepelekwa na nani, na nini kilimsukuma kuandika. Majibu yamo humohumo. Yeremia yuko Yerusalemu. Wapokeaji ni wazee, makuhani, manabii na watu waliochukuliwa mateka Babeli. Wachukuzi ni Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia, wajumbe wa mfalme Sedekia kwa Nebukadreza. Kama ingekuwa mithali, ungeisoma kwa namna nyingine kabisa: mithali hueleza mambo yanavyokwenda kwa kawaida, wala haimjui msomaji wake kwa jina. Barua inamjua.

Tatu, wasikilizaji. Hapa Kiswahili kinatusaidia bila sisi kutambua. Mstari unasema "ninayowawazia ninyi", si "ninayokuwazia wewe". Mpokeaji ni jamii. Sasa piga hesabu. Baba wa miaka 30 aliyesikia barua hiyo ikisomwa Babeli angehitaji kufika miaka 100 ili aione ile sabini ikitimia. Wengi waliosikia ahadi hii walikufa huko ugenini. Ndiyo maana mistari ya 5 na 6 inawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe, wazae, wawaoze wana wao: ni maagizo kwa watu wanaoambiwa wasikae wakiwa wamefunga mizigo. Wengi wa warejeao watakuwa wana na wajukuu wao.

Nne, mazingira, na hapa usiwe na haraka. Mwaka 597 KK Nebukadreza aliuteka Yerusalemu akamchukua mfalme Yekonia, mama yake, maofisa na mafundi. Soma 2 Wafalme 24 uone orodha. Jambo hili halimo kwenye Biblia tu. Babeli kumepatikana vibao vya udongo vinavyoorodhesha mafuta aliyopewa mfalme wa Yuda pamoja na wanawe. Mji wenyewe ulikuwa bado haujabomolewa. Hilo lilikuja miaka kama kumi baadaye. Kwa hiyo swali lililokuwa midomoni mwa watu lilikuwa moja: tunarudi lini?

Rudi sura moja nyuma, ya 28, umwone nabii Hanania akilijibu. Anasema miaka miwili tu. Anaivunja nira ya mti shingoni mwa Yeremia mbele ya watu. Nadhani umati ulishangilia, mimi ningeshangilia. Huko Babeli nako walikuwapo wa namna hiyo, na barua inawataja Ahabu mwana wa Kolaya na Sedekia mwana wa Maaseya. Basi barua ya Yeremia inawajibu wanaoahidi njia ya mkato. Tena mstari wa 11, ambao leo umebandikwa kwenye vioo vya daladala kumaanisha "karibuni mambo yatanyooka", ulisemwa kinyume cha watu waliokuwa wakisema karibuni mambo yatanyooka.

Tano, sasa rudi kwenye maneno ya mstari wenyewe. Mawili yanatosha. "Amani" ni shalomu, na neno hilohilo limetumika mara tatu katika mstari wa 7: utakieni amani mji wa Babeli, mkauombee, maana katika amani yake ninyi mtapata amani. Kwa hiyo amani ya mstari wa 11 inapitia kwenye ustawi wa mji wa maadui zao. La pili ni "siku zenu za mwisho". Nimesikia likihubiriwa kama Kiyama. Neno la Kiebrania hapo lina maana ya mambo yajayo baadaye, na katika barua hii ni siku za baada ya uhamisho.

Utajuaje kama umekosea? Nina kipimo kimoja ninachowapa wanafunzi. Soma mistari ya 16 hadi 19. Humo Mungu anawaambia waliobaki Yerusalemu kwamba anawapelekea upanga, njaa na tauni, na atawafanya kama tini mbovu. Kama unadai mstari wa 11 ni wako moja kwa moja, kwa nini wa 17 si wako? Asiye na sababu ya kuchagua ila kwamba mmoja unapendeza, bado hajasoma muktadha. (Tafsiri ya kale ya Kiyunani haina mistari ya 16 hadi 20, lakini picha ya tini njema na mbovu iko pia sura ya 24, hivyo kipimo hakivunjiki.)

Njia hii ina mpaka wake. Inakuonyesha andiko lilimaanisha nini kwa waliolipokea. Kulivusha hadi kwa kijana wa kidato cha sita ni kazi nyingine, na hapo makanisa hutofautiana. Wengine hupitia kwa Kristo na agano jipya, wengine kwa tabia ya Mungu isiyobadilika. Mimi huuliza ni kitu gani ndani ya barua hakitegemei Babeli wala miaka sabini. Nakiona hiki: Mungu hajawaacha watu wake wakiwa mahali wasipopachagua, na anataka waishi humo kwa bidii wakati wakisubiri.

Kwa hiyo kijana wako mjibu hivi: hapana, barua haikuandikwa kwako, wala haikuahidi daraja la kwanza. Kisha mfungulie mstari wa 7, umuulize mtaa anaokaa unahitaji nini wakati matokeo hayajatoka.