Hisa 2,000, bei ile ile, siku ile ile, lakini mwenzangu amenipita mbali: hesabu iko wapi?

*Swali: Wakuu, niko Kisasa, Dodoma. Miaka 6 iliyopita mimi na mwenzangu wa ofisini tulinunua hisa za kampuni moja pale soko la Dar, kila mtu hisa 2,000 kwa 500. Leo bei ni 560. Mimi naona faida ya asilimia 12 tu, yaani bora ningeiacha hela benki. Yeye anadai amepata karibu asilimia 80 na hajaongeza hata senti kutoka mfukoni. Gawio limekuwa kati ya 40 na 48 kwa hisa. Langu linaingia kwenye simu na linaishia hukohuko. Ananidanganya?*

Mkuu, hakudanganyi. Wewe umehesabu bei peke yake, yeye amehesabu kila kilichotoka kwenye hisa. Asilimia 12 yako ni kama ya mtu mwenye shamba la zabibu Hombolo anayejipima kwa bei ya ekari tu, wakati kila mwaka anavuna mara mbili na hela ya mavuno haiandiki popote.

Kuna namba tatu hapa, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni faida ya bei: 500 imekuwa 560. Ya pili ni bei pamoja na gawio ulilopokea na kulitumia. Ya tatu ndiyo faida kamili: bei pamoja na gawio, kila gawio likiwa limenunua hisa nyingine za kampuni ileile, na hizo nazo zikapata gawio lake mwaka uliofuata.

Hukutaja gawio la kila mwaka wala bei ya siku lilipolipwa, kwa hiyo nimeyapanga kwa makadirio ndani ya namba ulizotoa. Ukipata zako halisi, badilisha. Kwa kampuni iliyoorodheshwa soko la Dar, gawio hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 kabla halijakufikia, kwa hiyo 40 inakuwa 38 mkononi. Ada za kununua (kamisheni ya dalali na VAT yake, pamoja na tozo za soko na za msimamizi) nimeziweka asilimia 2.5 kwa ujumla. Na hununui nusu hisa. Chenji inasubiri gawio lijalo.

Mwaka wa kwanza: hisa 2,000 mara 38 ni 76,000. Bei siku hiyo ni 480, ukiweka ada inakuwa 492. Zinapatikana hisa 154, inabaki 232.

Mwaka wa pili una hisa 2,154. Gawio ni 38 tena, linaingia 81,852, na chenji inafanya 82,084. Bei imeshuka hadi 450, kwa ada 461.25. Zinapatikana hisa 177. Hapa usipite haraka. Kama bei ingebaki 500, hela hiyohiyo ingenunua 160 tu. Mwaka ambao wewe ulikuwa unasikitika bei imeanguka, mwenzako alikuwa anaokota hisa 17 za ziada. Lakini hilo linafanya kazi pale tu bei inaposhuka huku gawio likibaki. Bei ikishuka kwa sababu faida ya kampuni imeporomoka, gawio nalo litakatwa, na hapo unaongeza mzigo wa bidhaa mbovu.

Miaka iliyobaki inaenda hivyohivyo. Wa tatu: gawio 42, bei 470, hisa mpya 193. Wa nne: gawio 45, bei 510, hisa 207. Wa tano: gawio 45, bei 520, hisa 219. Wa sita: gawio 48, bei 560, hisa 234. Jumla anafika hisa 3,184 na chenji ya kama 391.

Sasa ziweke sambamba. Hisa zako 2,000 kwa 560 ni 1,120,000. Gawio ulilopokea kwa miaka 6, baada ya kodi, ni 247 kwa hisa, yaani 494,000. Kwa hiyo hata wewe hukupata asilimia 12. Ulipata asilimia 61, ila sehemu kubwa ilipitia kwenye simu ikaishia dukani. Yeye ana hisa 3,184 kwa 560, ambazo pamoja na chenji ni 1,783,431. Hiyo ni asilimia 78.

Ukipasua faida yake ya 783,431, kupanda kwa bei kwa zile hisa 2,000 za mwanzo kumeleta 120,000 tu. Gawio la hisa hizohizo limeleta 494,000. Iliyobaki, kama 169,000, imezaliwa na hisa zilizonunuliwa kwa gawio. Yaani kila shilingi 100 za faida, bei ilichangia 15.

Utaona kwamba kwa miaka 6 tofauti kati ya kula gawio na kulirudisha si ya kutisha: 61 dhidi ya 78. Inataka muda. Chukua kampuni ya kufikirika ambayo bei inapanda asilimia 2 tu kwa mwaka na gawio baada ya kodi ni asilimia 7.6 ya bei. Baada ya miaka 20, milioni 1 kwa bei peke yake inakuwa kama milioni 1.49. Aliyekula gawio, ukijumlisha vyote, amepata kama milioni 3.4. Aliyerudisha, kwa ada zilezile za asilimia 2.5, anakaribia milioni 6.2. Bei ni ileile kwa wote watatu.

Na si mambo ya soko letu dogo tu. Angalia fahirisi ya Marekani ya S&P 500, ambayo huchapishwa kwa namna mbili: `^GSPC` ni bei tu, `^SP500TR` imerudisha gawio ndani. Mwisho wa 1987 zote zilisimama 247.08. Mwisho wa 2023 ya bei ilikuwa 4,769.83, ya gawio 10,327.83. Kampuni zilezile, miaka 36, moja imezidisha mtaji mara 19 na nyingine karibu mara 42. Ukienda Yahoo Finance kuangalia hisa ya kampuni mojamoja, jihadhari na safu ya `Adj Close`: bei za zamani pale zimepunguzwa ili kuhesabu gawio, kwa hiyo hazitalingana na bei ambayo mtu alilipa siku ile.

Kuna mtego mwingine kwenye fahirisi. DAX ya Ujerumani inayosomwa kwenye habari huwa imeshaingiza gawio, FTSE 100 ya Uingereza haijaingiza. Mtu anaziweka kwenye chati moja anasema Waingereza wamelala. Anapima embe kwa ganda na embe bila ganda. Fahirisi ya soko letu, DSEI, nayo inafuata thamani ya kampuni sokoni, kwa hiyo ukisikia imepanda asilimia fulani mwaka huu, gawio la wanahisa halimo humo.

Kwa hesabu yako mwenyewe, fungua Excel. Safu B hisa ulizoanza nazo mwaka huo, C gawio kwa hisa kabla ya kodi, D bei uliyonunulia, E chenji ya mwaka uliopita, F hisa mpya. Mwaka wa kwanza B2 ni 2000 na E2 ni 0.

```
F2: =INT((B2*C2*0.95+E2)/(D2*1.025))
B3: =B2+F2
E3: =B2*C2*0.95+E2-F2*D2*1.025
```

Vuta chini. Kwenye D weka bei ya siku uliyonunua kweli, si ya mwisho wa mwaka. Ukitaka asilimia kwa mwaka, ni `=(1783431/1000000)^(1/6)-1`, inatoka 0.101, yaani kama asilimia 10.1. Kwa bei peke yake ungepata 1.9.

Makosa ninayoyaona mara nyingi kwenye majedwali haya ni mawili. La kwanza, mtu anachukua thamani ya hisa 3,184 halafu anajumlisha tena gawio la 494,000. Gawio limeshageuka hisa, ukilijumlisha umelihesabu mara mbili. La pili ni pale kampuni inapotoa hisa za bonasi au kugawanya hisa moja kuwa mbili. Chati inaonyesha bei imekatika nusu, mtu anaandika hasara, kumbe idadi ya hisa zake imeongezeka. Rekebisha safu B siku hiyo, au utajiona maskini bure.

Kwenye utekelezaji, kampuni zetu kwa kawaida hukulipa fedha taslimu, kwa hiyo kuzirudisha ni kazi yako: unampa dalali oda au unaweka mwenyewe kwa simu kupitia Hisa Kiganjani. Weka bei ya ukomo, yaani ya juu kabisa uliyo tayari kulipa. Hisa nyingi za kwetu haziuzwi kila siku, na ukiagiza kwa bei yoyote utauziwa kwa bei yoyote anayotaka muuzaji aliyepo siku hiyo. Kama dalali wako ana kiwango cha chini cha ada, gawio la 20,000 linaweza kuliwa vibaya. Likusanye hadi liwe na uzito ndipo ununue.

Usikimbilie pia kununua siku chache kabla rejista ya wanahisa haijafungwa ili uwahi gawio. Bei huwa na tabia ya kushuka kwa kiasi kinachokaribia gawio rejista ikishafungwa, na wewe umebaki na kodi ya asilimia 5 juu yake. Halafu hakikisha namba ya simu au ya benki kwenye akaunti yako ya CDS ni sahihi. Gawio lililokosa pa kuingia linakaa tu, halipati gawio lake, na kwenye jedwali lako utakuwa umeliandika kana kwamba linafanya kazi.

Kuhusu benki: linganisha riba baada ya kodi yake na ile 10.1, si na 1.9. Ila kumbuka riba ya amana mmekubaliana siku ya kwanza, wakati gawio linategemea wanahisa watapitisha nini kwenye mkutano wa mwaka.